Misumari Ishirini na Minane

Kocha wetu alikuwa mtu wa vipimo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kawangware na mwenye ploti, na hata wapangaji wake walijua kwamba ukichelewa kufunga bomba la maji, yeye angekuambia ulichelewa kwa dakika ngapi. Sisi wanariadha wake tulikuwa wanawake kumi na mmoja, wengi tukitoka Kibera: Gatwekera, Silanga, Kambi Muru. Tulikuwa watu wa vibarua. Tulikimbia asubuhi kabla ya kazi, tukipitia kando ya bwawa la Nairobi hadi barabara ya Ngong, halafu Kawangware, ambako yeye alitungoja na saa yake mkononi.

Hatukukimbia kwa ajili ya afya. Tulikimbia kwa sababu mashirika makubwa siku hizo yalikuwa na timu za riadha, na mwanamke aliyeingia timu aliandikwa kazi. Aliitwa karani au mfanyakazi wa usafi, akapewa sare na mshahara wa kila mwezi, na bado akaruhusiwa kwenda kukimbia mchana kweupe. Mimi nilikuwa nafulia watu nguo. Mtu asiyewahi kufua blanketi tatu kwa mikono kabla ya saa nne hawezi kuelewa nilivyoitamani hiyo sare.

Mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini kocha alikwenda kozi ya makocha kwa wiki mbili, akarudi na karatasi zilizonakiliwa na wazo la ubao. Ubao aliutengeneza mwenyewe. Ulikuwa kipande cha mbao alichokipigilia misumari ishirini na minane kwa mstari mmoja, akautundika kwenye stoo ya ploti yake, ambamo tulikuwa tukibadilishia nguo. Kila mmoja wetu alipewa uzi wa sweta wa rangi yake. Wangu ulikuwa wa manjano.

Alituelezea akiangalia dirisha, maana alikuwa mtu wa heshima na mambo yale yalimchoma mdomo.

"Msumari wa kwanza ni siku ya kwanza ya ile hali yenu ya mwezi," alisema. "Kila siku uzi unasonga msumari mmoja. Siku tatu za kwanza ni kazi nyepesi. Kutoka ya nne hadi ya kumi na nne, mwili una nguvu, homoni ziko sawa, hapo ndiyo tunapanda milima na kukimbia kasi. Baada ya hapo yai limetoka. Mwili unapata joto, unachoka haraka, kwa hivyo ni mbio ndefu za polepole. Siku tano za mwisho, nyepesi tena. Imefanyiwa utafiti."

"Na mwenye zake ni siku thelathini na mbili?" aliuliza nahodha wetu.

Nahodha alikuwa mama wa watoto wawili, muuza sukuma wiki kule Silanga, mkubwa wetu kwa miaka karibu kumi. Hakuwa na aibu ya kuuliza kitu chochote.

Kocha aliangalia ubao, akahesabu kwa macho, ingawa alijua idadi. "Atangoja kwenye msumari wa mwisho," alisema.

Haikufaa mwanamke kumwambia mwanamume siku zake, kwa hivyo nahodha ndiye aliyekusanya habari na kusogeza nyuzi. Miezi miwili ya kwanza tulisema kweli. Nyuzi zilitawanyika ubaoni kila moja mahali pake, na kocha alikuwa na mazoezi ya aina nne asubuhi moja, akikimbia huku na huku na filimbi mdomoni. Sikuona tofauti kubwa. Kuna siku nilikuwa kwenye msumari wa kumi, nikiambiwa nina nguvu za ng'ombe, na miguu ilikuwa mizito kwa sababu jana yake nilifua nyumba mbili. Mwenzangu mmoja alikimbia vizuri kabisa akiwa siku ya pili na tumbo likimkata. Mwingine siku hizo alilala chini ya mti akitapika. Ubao ulituambia sote kitu kimoja.

Uongo wenyewe ulianza bila mtu kuupanga. Kule kwetu kazi hufuata mwisho wa mwezi. Watu wakilipwa, ndipo wanakumbuka mapazia, mazulia, mashuka ya wageni. Ndipo sukuma inauzika na ndipo mkaa unabebwa. Kuanzia tarehe ishirini na sita hivi hadi tarehe tatu nne, hakuna mwanamke wa Gatwekera mwenye nguvu zake aliyekaa bure. Katikati ya mwezi unaweza kukaa mlangoni siku tano ukingoja kuitwa. Sasa ukikutwa mwisho wa mwezi uko kwenye misumari ya milima, unapanda milima alfajiri halafu unakwenda kuinama kwenye karai mpaka jioni. Mmoja wetu alishindwa. Alimwambia nahodha zake zimekuja mapema, uzi ukarukishwa hadi msumari wa kwanza, akapewa kazi nyepesi. Jumamosi iliyofuata, kocha alipotupima kwa saa, alitushinda sote.

"Aisee, hizo zako zimekuja na baraka," nahodha alimwambia, na akatuangalia mmoja mmoja.

Baada ya miezi miwili nyuzi zetu zote kumi na moja zilikuwa zimejazana upande mmoja wa ubao. Wiki ya mwisho wa mwezi tulikuwa kwenye siku zetu, sote kwa pamoja. Kalenda ya mwezi ilipozidi siku ishirini na nane, nahodha alisema zimechelewa kidogo. Nilidhani kocha angetugundua siku ya kwanza. Badala yake alifurahi mpaka akasahau kuona aibu.

"Hii pia imeandikwa!" alisema. "Wanawake wakikaa na kufanya mazoezi pamoja, miili yao inafuatana. Nilikuwa nimesoma, sasa nimeona kwa macho."

Tulitoka pale tukiwa tumeuma midomo. Kwenye reli, karibu na Kambi Muru, tulicheka hadi mmoja wetu akakaa chini kwenye mataruma. Ninakiri nilicheka kuliko wote. Mtu aliyejua dakika za bomba la maji alikuwa amepigwa chenga na wauza mboga.

Lakini hapa ndipo mambo yalipokuwa mabaya: tulianza kukimbia vizuri. Kila mtu alishusha saa zake za mbio. Tulipumzika tulipochoka na tukajituma tulipokuwa na nguvu, kwa hivyo haikuwa ajabu, ila kocha hakujua sababu. Alinunua daftari jipya. Aliandika saa zetu upande mmoja na misumari upande mwingine, akachora mistari kwa rula. Makocha walikuwa na mkutano wao mwisho wa mwaka na yeye aliomba nafasi ya kuzungumza. Pia alisema kwamba timu ya shirika fulani ingefanya majaribio Jumamosi ya pili ya Novemba, kilomita kumi, na kila klabu ipeleke wanawake watatu. Jina langu lilikuwa la kwanza.

Sasa niseme kitu ambacho sikumwambia hata nahodha. Tangu Aprili sikuwa nimeona siku zangu. Kila mwezi uzi wa manjano ulikwenda msumari wa kwanza pamoja na wenzake, nami sikuwa na chochote. Mimba haikuwepo, hakukuwa na wa kunipa. Na sikuhofu, ndiyo kweli. Nilifurahi. Pamba ilikuwa ghali, na choo chetu kilihudumia nyumba kumi na nne. Tena miongoni mwa wakimbiaji kulikuwa na maneno kwamba ukianza kukauka, umekuwa chuma, sasa ndiyo umeanza riadha. Kocha alitusifu wepesi. Nilikunywa chai ya rangi asubuhi, chai ya rangi mchana, na jioni ugali na sukuma, nusu nikimwachia dada yangu tuliyekaa naye. Nilijiona mwembamba na mkali kama sindano. Mwezi wa tisa mfupa wa mguu wa kushoto, mbele, chini ya goti, ukaanza kuuma mahali pamoja, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba. Niliufunga kitambaa nikaendelea.

Kocha alitaka mtaalamu abariki kazi yake kabla ya mkutano. Kulikuwa na daktari mwanamke aliyefundisha chuo kikuu na Jumamosi alitibu kwenye zahanati ya kanisa moja Kawangware. Yeye mwenyewe alikuwa amekimbia alipokuwa msichana. Alikuja stoo na viatu vya matope kama vyetu, akausoma ubao msumari kwa msumari.

"Mwalimu, nani alipima?" aliuliza.

"Mimi. Saa ndiyo hii."

"Sio saa. Nani alipima kwamba yai limetoka siku ya kumi na nne? Ulichukua damu? Walipima joto asubuhi kabla ya kutoka kitandani?"

Kocha alisema alihesabu siku.

"Hata watafiti wengi wamehesabu tu siku," daktari alisema, bila dharau. "Ndiyo maana hawakubaliani. Wanawake wachache kwenye maabara, mmoja anapata wanakimbia vizuri mwanzoni, mwingine anapata hakuna tofauti. Joto la mwili kweli hupanda kidogo baada ya yai kutoka, hilo limepimwa. Lakini kutoka hapo hadi kumwambia mtu asipande mlima siku ya ishirini, kuna shimo kubwa katikati. Labda kuna kitu. Labda ni kidogo sana. Hatujui bado. Kuna wanawake wameshinda mbio siku ya kwanza, na kuna wengine siku hiyo hawawezi kusimama. Tunajua anayevuja sana apimwe damu, anaweza kuishiwa na madini ya chuma. Kwa mengine, muulize yeye mwenyewe."

"Lakini wamefuatana," kocha alisema, akionyesha ule msongamano wa nyuzi. "Na saa zimeshuka."

Daktari aliangalia nyuzi, halafu akatuangalia sisi. Nahodha akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Kufuatana nako hakujathibitishwa," daktari alisema. "Nitaongea na akina dada mmoja mmoja, kwa zahanati. Wewe ubaki hapa."

Kwangu alianza na swali ambalo ubao haukuwahi kuuliza. Hakuuliza siku zangu ni lini. Aliuliza kama zipo.

Nilimwambia Aprili. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu alikuwa akiandika na hakuniangalia. Alinipima mkojo kwanza, akasema sina mimba, nikasema nilijua. Aliuliza nilikula nini jana, nikamtajia, akangoja nimalize, nami nilikuwa nimemaliza. Kisha akabonyeza mguu pale pale pa kidole gumba nikaruka. Akaniambia nirukeruke kwa mguu mmoja. Nilishindwa mara ya pili.

"Sikiza," alisema. "Yale ya misumari bado yanabishaniwa. Hili halibishaniwi. Mwanamke anayefanya kazi kubwa na anakula kidogo, mwili unafunga duka. Hedhi inakwenda, na mifupa inakonda. Huu nadhani umeanza kupata ufa. Nikikutuma picha ya eksirei, saa hii inaweza isionyeshe kitu, na bado ufa uko."

"Majaribio ni baada ya wiki tatu, daktari."

"Wiki sita usikimbie. Pengine nane. Na ule. Maziwa, omena, githeri, parachichi, chochote, lakini mara mbili ya unavyokula sasa. Ukikimbia hivi, unaweza kuvunjika katikati ya barabara."

Aliniambia hatamwambia kocha, hiyo ni siri yangu. Nilitamani angemwambia. Nilirudi Gatwekera nikitembea, nikimchukia, nikihesabu kwamba madaktari pia hukosea na kwamba kilomita kumi si mwendo wa kuvunja mtu. Siku mbili nilijaribu kukimbia. Siku ya tatu, nikiwa nimebeba mtungi wa maji kutoka bombani, mguu ulikataa tu, nikaketi kwenye matope mbele za watu na mtungi ukamwagika. Nililia kwa hasira. Yale maji nilikuwa nimeyapangia foleni saa nzima.

Kumwambia kocha mambo ya mguu kungekuwa rahisi. Lakini angefungua daftari, angetafuta uzi wa manjano, angeuliza mbona nilikuwa vizuri kila mwezi. Ningeweza kusema uongo mmoja zaidi. Nilikwenda kwa nahodha kwanza, kibandani kwake, akiwa anakata sukuma kwa kasi ile yake ya kutisha.

"Ukimwambia, sisi wote tumeisha," alisema. "Unajua hiyo?"

"Najua."

Alikata fungu zima. "Na usipomwambia, ataenda kusomea makocha wengine hizi siku zetu za mkaa na sukuma, na wasichana wao watapangiwa hivyo hivyo," alisema. "Enda. Ila mimi usinitaje kama nilicheka."

Nilimkuta kocha stoo akichora mistari kwa rula. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: mwisho wa mwezi, mapazia, nyuzi, kwamba hakuna aliyefuatana na mwenzake, na kwamba mimi tangu Aprili sikuwa na cha kuhesabu. Nikamwambia na mguu. Uso wake ulibadilika polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, naye hakupiga kelele.

"Mlikuwa mnanicheka," alisema.

"Mwanzoni, mwalimu."

"Miezi yote hii." Alifunga daftari, akalifungua tena. "Sasa kilichoshusha saa ni nini?"

"Ni kupumzika tukiwa na kazi nyingi. Ungetupumzisha ukiambiwa ni kufua?"

Alifikiri kwa haki, lazima nimsifu kwa hilo. "Hapana," alisema. "Ningesema kila mtu ana kazi."

Kisha akachukua kalamu, akakata jina langu kwenye orodha ya majaribio, na juu yake akaandika la nahodha. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimekuja kufanya nini. Nilikuwa nimekuja kusema ukweli nikitumaini atakataa kuusikia. Nilitaka aseme mguu utapona, madaktari wanaogopa kila kitu, kimbia. Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia yeye ana ploti na mimi nina karai, na kwamba anaweza kuchezea misumari maisha yake yote na bado atakula jioni. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nenda nyumbani ule."

Siku ya majaribio nilisimama mwisho wa barabara nimeegemea mti. Nahodha, mwenye siku thelathini na mbili, aliyengojeshwa kwenye msumari wa mwisho kila mwezi tulipokuwa tukisema kweli, alimaliza wa pili. Aliniambia baadaye, akivaa sweta, kwamba siku zake zilikuwa zimeanza asubuhi ile ile. Walimchukua. Nilimkumbatia na nikamwonea wivu mkali, naye alijua, akanishika tu. Mwezi uliofuata alipita Gatwekera na sare, akiwa ameleta kilo mbili za nyama, na nilimkasirikia hata kwa nyama.

Kocha alikwenda kwenye mkutano wake. Nahodha alikuwepo, ametumwa na timu yake mpya, na ndiye aliyenisimulia. Alisema kocha alisimama mbele ya wanaume wenzake na daftari limefungwa, akawaambia kwamba alikuwa amekuja kuwaonyesha mpango na mpango haukuonyesha chochote, kwa kuwa wanawake wake walimdanganya, na walimdanganya kwa sababu yeye alikuwa tayari kuwapumzisha kwa ajili ya homoni lakini si kwa ajili ya nguo za watu. Akasema kama kuna mwanamke kwenye klabu zao amepoteza siku zake, wasimsifu, wampeleke kwa daktari. Wengine walicheka. Mmoja aliuliza kama ana mpango mwingine. Akajibu kwamba bado hana.

Mimi nilikula. Si raha kama inavyosikika. Kula kwa kulazimishwa ni kazi nyingine ya kibarua. Dada yangu aliacha kupokea nusu yangu. Niliacha nyumba moja ya kufulia, nikabaki na mbili. Niliporuhusiwa kukimbia, nilianza kwa dakika kumi, nikipitwa na wanafunzi wenye mabegi. Sikuwahi kurudi kwenye saa zangu za mwaka ule, na hakuna timu iliyowahi kuniandika. Huo ndio ukweli wake na nimeshaacha kuuficha.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, asubuhi ya Jumanne, nikiwa kwenye foleni ya kile choo cha nyumba kumi na nne, nilihisi maumivu chini ya tumbo, mazito, ya zamani. Nilipoona damu nilisimama mle ndani muda mrefu, watu wakigonga bati, nami nalia kwa sauti bila kujali. Nilijifunga kitambaa, nikaenda Kawangware kwa mguu.

Kocha alikuwa uwanjani na wasichana wapya. Wasichana walikuwa karibu, sikupunguza sauti.

"Mwalimu," nilimwambia, "leo ni siku ya kwanza. Zimerudi."

Hakuangalia dirisha, maana hakukuwa na dirisha. Aliniangalia mimi. Aliweka saa mfukoni, akauliza, "Unajisikiaje?"

Katika miaka yote niliyokimbia chini yake hakuwahi kuniuliza hivyo, na mimi pia sikuwahi kujiuliza.